Unataka emoji mpya iingie kwenye simu? Njia yote ya Unicode, kwa mfano wa kinu na mchi

Nachora nembo na kadi za harusi hapa Mwenge, na kwa sababu watu wanajua nacheza na picha kutwa nzima basi maswali ya emoji yote yananiangukia mimi. Kaka, emoji ya daladala inaombwa wapi? Kaka, ya Zanzibar mbona haipo? Mwingine kanifata kabisa na flashi, ana picha ya bodaboda kachora vizuri tu, anataka "niipandishe". Nimechoka kujibu moja moja kwa voisi, so naandika mara moja hapa halafu nikiulizwa natuma linki.

Kitu cha kwanza ujue, emoji sio picha inayopandishwa sehemu. Ni namba. Shirika linaitwa Unicode, halitengenezi faida, lipo Marekani, kazi yake ni kuipa kila herufi ya kila lugha namba moja ili simu zote zielewane, na emoji ni herufi kama A au B tu. Unicode wakikubali wazo lako wanatoa namba na jina, picha wanachora Apple, Google, Samsung na wenzao, kila mtu kivyake. Ndo maana emoji ileile kwenye iPhone na kwenye Tecno haifanani. Kwa hiyo unachopeleka wewe sio mchoro, ni hoja. Nusu ya maswali yangu yangeisha watu wangeshika hapo.

Kabla hujaanza uwe na hivi

Kompyuta (simu inawezekana ila grafu zitakutesa), bando, na Kiingereza cha kuandika kurasa kadhaa au mtu wa kukusaidia, coz pendekezo linaandikwa Kiingereza. Uwe na mtu anayeweza kuchora, au mwenyewe. Na uvumilivu wa zaidi ya mwaka, sitanii.

Hela haihitajiki. Kutuma pendekezo ni bure. Nasema hivi kwa sababu kuna mdogo wangu wa mtaani aliombwa hela na jamaa aliyesema "anasajili emoji", alitoa, jamaa kazima simu. Unicode wana mpango wa mtu kuchangia na jina lake kuandikwa pembeni ya herufi iliyopo tayari, daraja la chini ni dola 100, lakini huo ni mchango tu, haununui emoji mpya wala hausogezi pendekezo lako mbele.

Mfano ntakaotumia ni wa kweli. Neema, binti wa jirani anayesoma ufamasia, alikuja na wazo la kinu na mchi. Nililipenda. Tulikaa nalo wikiendi mbili na nitakuonyesha lilipokaza na lilipolegea.

1. Hakikisha halipo tayari, na halijakataliwa

Fungua tovuti ya Unicode sehemu ya emoji, kuna orodha ya emoji zote zilizopo na orodha ya maombi yaliyowahi kuletwa na hali yake. Tafuta kwa jina la Kiingereza na majina yake ya pembeni. Wazo lililokataliwa karibuni hawalipitii tena mpaka mda wake wa kusubiri upite, kwa hiyo ukiruka hatua hii unaweza kufanya kazi ya mwezi mzima bure.

Halafu jiulize, hakuna emoji inayolibeba tayari? Hapa ndo wengi wa Dar wanaishia. Bajaji ipo tangu 2019, U+1F6FA, wengi hawajui tu. Chapati ina mkate bapa wa 2020. Daladala watakwambia basi dogo lipo, na kusema kweli lipo. Bodaboda pikipiki ipo. Hoja ya "lakini yetu ina mstari wa rangi ubavuni" haipiti, mstari sio maana mpya.

2. Pitisha wazo kwenye vitu wasivyopokea kabisa

Wana orodha ya sababu za kukataa, isome yote, ila zinazotugusa sana sisi ni hizi.

Bendera. Mwaka 2022 walitangaza hawapokei tena pendekezo lolote la bendera, la aina yoyote. Zinazoongezeka zinaingia zenyewe pale sehemu inapopata msimbo wake wa herufi mbili kwenye orodha ya kimataifa ya nchi, kama kisiwa cha Sark kilivyoingia 2024. Bendera ya Tanzania kwenye simu ni herufi mbili tu zimekaa pamoja, T na Z:

```
U+1F1F9 U+1F1FF
```

Zanzibar haina msimbo wake wa herufi mbili kwenye orodha hiyo, kwa hiyo swali lako sio la Unicode hata kidogo. Sasa wanangu wa Unguja msinitukane mimi.

Nembo. Klabu, kampuni, chama, apu, hapana. Mashabiki wa Simba wana simba wao, Wananchi mtaendelea na rangi za mioyo.

Mahali maalumu na watu maalumu. Mlima Kilimanjaro hauingii, mlima wenye theluji upo tayari. Hapa lazima mtu aseme "mbona Fuji upo?" Upo, na mnara wa Tokyo upo, kwa sababu emoji za kwanza zilitoka kwenye simu za Wajapani, na Unicode walipozichukua 2010 walizibeba zote zilivyo ili meseji za zamani zisiharibike. Ni urithi. Na wameandika waziwazi kwamba kuwepo kwa kitu cha zamani sio hoja ya kuleta kingine kama hicho, so usiandike sentensi ya "kama Fuji upo basi na sisi", inakuonyesha hujasoma.

Kinu na mchi kikapita hapa salama. Sio nembo, sio mahali, na sio cha kwetu peke yetu: India kipo, Meksiko kipo cha jiwe, Afrika Magharibi wanatwangia fufu, Thailandi wanapondea saladi.

3. Kusanya ushahidi wa matumizi (hatua ngumu kuliko zote)

Wanataka kuona watu wengi duniani wanalitafuta na kulitaja hilo jambo, na hawataki maneno yako, wanataka skrinshoti. Sehemu zinazotakiwa ni Google Trends kwa utafutaji wa kawaida, Google Trends kwa utafutaji wa picha, utafutaji wa video wa Google, na Google Books Ngram Viewer inayohesabu maneno kwenye vitabu. Kwenye zote unalinganisha neno lako na neno moja lilelile: `elephant`. Ndio, tembo. Walichagua tembo kwa sababu emoji yake matumizi yake yapo katikatikati, sio maarufu sana wala sio ya kusahaulika, kwa hiyo ni kama jiwe la mizani.

Tulifanya hivi:

a) Fungua dirisha la faragha la brauza, kule ambako haikumbuki historia yako. Usipofanya hivyo majibu yanaegemea vitu unavyotafutaga wewe.

b) Kwenye Trends weka `mortar and pestle` halafu ongeza `elephant` kwenye grafu HIYOHIYO. Weka dunia nzima na uanzie 2004. Trends haitoi idadi ya watu, inatoa kipimo cha 0 mpaka 100 ukilinganisha na kilele cha grafu iliyopo mbele yako. Neema mara ya kwanza alipiga picha mbili tofauti, kinu peke yake, tembo peke yake, zote zikagusa 100 akaruka kwa furaha. Picha mbili hazilinganishwi, zile 100 ni za dunia mbili tofauti.

c) Ukiandika neno, Google itakupa chaguo la "Search term" na wakati mwingine "Topic". Chagua la kwanza kwa yote mawili. Ukichanganya grafu inakudanganya.

d) Badilisha kwenda utafutaji wa picha, piga skrinshoti nyingine. Halafu Ngram, maneno yote mawili yakitenganishwa na mkato.

Matokeo? Mstari wa tembo juu, wa kinu umelala chini. Neema alinyamaza kidogo halafu akasema basi tuweke `mortar` peke yake. Tukaweka, mstari ukapanda vizuri kabisa. Lakini `mortar` kwa Kiingereza ni udongo wa kujengea wa saruji, na pia ni kombora la vitani, so tulichokuwa tunaona ni mafundi ujenzi na habari za vita. Wanaopitia wanalijua hilo tangu zamani. Neno lenye maana nyingi lazima ulibane mpaka libaki na maana yako, hata kama linashuka.

Na hapa kuna jambo linaniuma nilitaje tu. Tuliweka `kinu` pia, kwa kutaka kujua. Ngram haina vitabu vya Kiswahili kabisa, haipo kwenye lugha za kuchagua. Kwenye Trends `kinu` inachanganyika na majina ya watu wa nchi nyingine. Kwa hiyo bibi zetu wanaotwanga kila siku hawaonekani popote kwenye mizani ile, anaonekana aliyeandika Kiingereza. Sisemi ni makusudi, nasema jipange: kitu cha kwetu kitapimwa kwa jina la Kiingereza.

Kushindwa na tembo sio hukumu ya kifo. Ila ukiwa chini sana, hoja zako nyingine lazima ziwe nzito. Na usifiche grafu mbaya, weka zote, ukiacha moja wanakurudishia kwamba haijakamilika.

4. Andika hoja za kuingizwa

Wanauliza mambo machache: kitu kina maana zaidi ya moja, kinatumika pamoja na emoji nyingine, kinaleta kitu kipya, kinatambulika kwa macho. Andika kila moja kwa aya fupi na mifano.

Hapa ndo kinu kilisimama. Maana ya kwanza ni jikoni. Ya pili ni famasia, alama ya kinu na mchi inatumika kwenye maduka ya dawa nchi nyingi. Ya tatu ndo tamu: sisi tunasema kutwanga maji kwenye kinu kwa kazi isiyo na faida, na Warusi wana msemo huohuo, kutwanga maji kwenye kinu, neno kwa neno. Watu wawili wasiojuana, lugha hazina undugu, picha moja. Hoja kama hiyo ina uzito kuliko kurasa tano za "ni utamaduni wetu". Na kwa matumizi ya pamoja, kinu na tone la maji inasomeka mara moja: unapoteza mda.

Angalia mbu pia, ana funzo. Pendekezo lake lililetwa 2017 na watu wawili wa afya ya jamii, mmoja kutoka Gates Foundation na mwingine Johns Hopkins, mbu akaingia 2018. Sisi huku kwa malaria tungesema "anaua" tukaishia hapo. Ila umuhimu wa kitu peke yake haupitishi emoji, wanauliza watu watamtumia kwenye sentensi gani. Mbu anasema malaria, anasema dengi, anasema usiku sijalala, anasema mtu msumbufu anayezunguka sikioni.

Usiweke sahihi za mtandaoni wala hashtegi. Hata ukipata laki moja hazihesabiwi.

5. Chora sampuli

Zinatakiwa picha ya rangi na ya nyeusi-nyeupe, kila moja kwa pikseli 18 kwa 18 na 72 kwa 72. Ile ya 18 ndo mtihani. Mimi nilichora kinu chetu kile kirefu cha mti, mchi umeegemea ukingoni, kwa ukubwa ni kizuri unasikia kabisa mlio wa asubuhi. Nikapunguza mpaka 18, nikamwonyesha mama muuza supu hapo nje bila kumwambia kitu. Akasema "juisi na mrija". Nikachora mchi mnene zaidi, akasema ngoma. Na ngoma ndefu ipo tayari tangu 2020!

Mwisho tulikubali bakuli pana la jiwe, mchi mfupi mnene umelala kwa pembeni. Sio cha bibi yangu, ila mtu wa Meksiko, mfamasia wa Ujerumani na mama wa Mbagala wote wanakijua. Fanya jaribio hilo kabla hujatuma, onyesha watu watano wasiojua wazo lako.

Onyo: picha iwe yako au uwe na haki nayo. Ya kuokota Google wataikataa. Na ukituma unawapa ruhusa ya kuitumia bila malipo, hamna mrabaha wa emoji, hata wanaofanikiwa hawalipwi.

6. Tuma dirisha likiwa wazi

Fomu inapatikana kwenye ukurasa wao wa miongozo ya mapendekezo. Haiko wazi mwaka mzima. Miaka ya karibuni inafunguliwa mwanzoni mwa Aprili na kufungwa Julai 31, angalia tarehe za mwaka wako. Utajaza jina fupi, maneno ya utafutaji, na mahali itakapokaa kwenye kibodi (sisi tuliweka karibu na vyombo vya jikoni), halafu hoja na picha. Usitume Julai 31 usiku, umeme wa huku unaujua.

7. Subiri, ila ujue kinachoendelea

Kwanza linapita kikundi kazi cha emoji. Kinaangalia limekamilika? Limevunja sheria? Mengi yanafia hapa. Yakipita kikundi kinayapendekeza kwa kamati ya ufundi ya Unicode, hiyo ndo yenye kauli ya mwisho na inakutana mara nne hivi kwa mwaka, ndani yake wamo wawakilishi wa makampuni kama Apple, Google na Microsoft, yaani walewale watakaolazimika kuichora. Emoji inakaa kwanza kama mgombea, na mgombea anaweza kutolewa, kwa hiyo usifanye sherehe mapema. Ikithibitishwa inapewa namba na inatoka na toleo la Unicode la mwaka, siku hizi Septemba.

Halafu simu. Toleo la 16 lilitoka Septemba 10, 2024 na emoji nane tu mpya, ikiwemo uso wenye mifuko chini ya macho. iPhone waliipata na iOS 18.4, Machi 31, 2025. Zaidi ya miezi sita baada ya kuwa rasmi! Kwa hiyo ukituma mwezi wa sita mwaka huu usitegemee kuwa rasmi kabla ya Septemba mwakani, na mkononi mwa watu mwaka unaofata.

Ikigoma

*Wamekataa bila maelezo marefu.* Kawaida, hawaandiki barua ya kila mtu. Rudi hatua ya 2 na 3, mara nyingi jibu lipo pale. Usitume tena kwa jina jingine.

*Mwingine kaleta wazo hilohilo.* Sio wizi, wazo halina mwenyewe pale. Linaweza kupita la kwake kwa sababu tu ushahidi wake umekamilika.

*Emoji imetoka, kwangu naona kiboksi.* Simu yako haina fonti mpya. Apdeti mfumo, apdeti na apu. WhatsApp kwenye Android inatumia picha zake yenyewe, kwa hiyo unaweza kuiona WhatsApp na kwenye meseji za kawaida ukaona kiboksi.

*Nimetumiwa limau na kiboksi cha kijani, ndo nini?* Hii naulizwa na mama ntilie wangu kila akipokea oda. Hiyo ni ndimu. Ilikuja 2023 bila namba yake mpya, wameunga limau na mraba wa kijani kwa herufi ya gundi isiyoonekana:

```
U+1F34B U+200D U+1F7E9
```

Simu mpya inasoma zote tatu kama picha moja, simu ya zamani inaona limau, inaona mraba, gundi haiijui. Mteja wake alitaka ndimu. Alipelekewa limau.